Mpaka mwanafunzi aone mwenyewe kwa nini 1/2 + 1/3 si 2/5: somo la sehemu kwa kanda za karatasi, darasa la tano

Andika 1/2 + 1/3 ubaoni mbele ya darasa la tano, iwe Uyole, Ilula au Makambako, halafu mwache kila mtoto aandike jibu lake bila kumwangalia jirani. Pita katikati ya madawati ukichungulia. Utaikuta 2/5 kwenye madaftari mengi, imeandikwa kwa mwandiko safi, bila kufutwafutwa. Aliyeiandika hakubahatisha. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, na kwake hesabu imekwisha.

Kosa hili si la watoto wetu peke yao, wala halitokani na uvivu. Mwaka 1978, katika upimaji wa kitaifa wa Marekani, watoto wa miaka 13 waliombwa wakadirie tu jibu la 12/13 + 7/8, wakachague kati ya 1, 2, 19 na 21. Kila moja ya sehemu hizo inakaribia moja nzima, kwa hiyo jibu linakaribia 2. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha za juu au za chini. Mtoto wa namna hiyo haioni sehemu kuwa kiasi kimoja. Anaona namba mbili zilizotenganishwa na mstari, na kila namba anaitendea kama alivyozoea kuzitendea namba nzima tangu darasa la kwanza.

Kumfundisha huyu Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, moja kwa moja ni kumpa kanuni nyingine ya kufuata akiwa amefumba macho. Ataikariri wiki hii, na wiki ya mitihani ataichanganya na ile ya kuzidisha. Andalio ninaloeleza hapa ni la vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na lina lengo moja: mwanafunzi aone kwa macho na kushika kwa mkono kwa nini asili, yaani namba za chini, lazima zilingane kabla ya kujumlisha. Wanafunzi wawe wameshajua kutaja sehemu na kujumlisha zenye asili moja, kama 1/5 + 2/5. KDS wanaweza kuwa wameisoma, ila usiitaje mpaka mwisho.

Kwa nini karatasi, si chungwa wala parachichi

Zana inayomjia mwalimu kwanza ni tunda. Huku kwetu parachichi halina gharama, na watoto wanafurahi. Lakini parachichi lina kokwa katikati, chungwa lina vyumba visivyolingana, na chapati ukiigawa kwa tatu hakuna anayekubali kwamba vipande vimelingana. Mtoto anatoka na picha ya kwamba theluthi ni kipande chochote ikiwa vipande viko vitatu. Ndiyo maana utamsikia akimwambia mwenzake, “Mimi nipe nusu kubwa.” Halafu chakula kinaliwa. Kikishaliwa, kile kitu kizima kilichogawanywa hakipo tena mezani, na bila kizima sehemu haina maana.

Sabuni ya mche ni afadhali sana, kwa sababu imenyooka na kila mtoto ameona muuza duka akiikata vipande. Naitumia kufungulia somo, nikishika mche mmoja tu juu: “Ukikatwa vipande viwili sawa, kila kipande ni nini? Ukikatwa vipande vitatu sawa?” Baada ya hapo naiweka pembeni. Kazi yenyewe inafanywa na kanda za karatasi.

Kila ukanda uwe na urefu wa sentimita 24 na upana wa sentimita 3. Urefu huo una sababu yake. 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila kubaki, kwa hiyo nusu ni sentimita 12, theluthi 8, robo 6, moja ya sita 4, na moja ya kumi na mbili 2. Sehemu za tano haziingii vizuri, zinatoka sentimita 4.8, kwa hiyo ziache siku hii. Ukija kuzifundisha, tengeneza kanda nyingine za sentimita 30, na usizichanganye kabisa na hizi za 24.

Karatasi ya kawaida ya A4 ina upana wa sentimita 21, inatoa kanda saba. Tuchukue darasa la wanafunzi 72, jambo ambalo si la ajabu. Makundi ya watu sita yatakuwa 12, na kila kundi linahitaji kanda sita: ukanda mzima, wa nusu, wa theluthi, wa robo, wa moja ya sita na wa moja ya kumi na mbili. Hizo ni kanda 72, yaani karatasi 11, na zinabaki kanda tano za akiba. Kalenda ya mwaka jana inafaa zaidi maana karatasi yake ni ngumu. Mifuko ya saruji watu wanaitumia, na karatasi yake ni imara kweli, ila vumbi linalobaki ndani linawasha macho na mikono ya watoto. Kama huna budi, tumia tabaka ambalo halikugusana na saruji.

Ukutani unahitaji picha kubwa ya kitu hicho hicho. Chora ubaoni ukanda wa sentimita 120, na chini yake kanda nyingine zenye urefu huo huo: nusu itaishia kwenye 60, theluthi kwenye 40, robo 30, moja ya sita 20, moja ya kumi na mbili 10. Chora kabla ya kipindi, ukiweza wakati wa mapumziko.

Jambo moja la mahali petu. Miezi ya Juni na Julai upepo unaingia kwenye madirisha yasiyo na vioo na kanda zinaruka. Waambie watoto waje na vijiwe bapa viwili kila kundi. Na masika, mvua ikianza kupiga bati huwezi kusikika hata ukipaza sauti, kwa hiyo kubalianeni ishara mapema: nikiinua ukanda, nanyi inueni wenu.

Dakika 10 za kwanza: makadirio, bila kusahihisha

Baada ya mche wa sabuni, andika 1/2 + 1/3 na uulize swali moja tu: “Jibu litakuwa kubwa kuliko nusu, au dogo kuliko nusu?” Usiulize jibu ni ngapi. Wanyooshe mikono kwa kila upande. Wengi watasema kubwa, maana nusu imeongezewa kitu.

Sasa ndipo uwaache waandike jibu, na wewe uyaandike majibu yote kwenye kona ya ubao: 2/5, 2/6, 5/6, 1/5, chochote kitakachotoka. Usiweke tiki wala mkasi, na uso wako usiseme kitu. Hapa walimu wengi tunashindwa kujizuia, tunasema “hapana, fikiri vizuri”, na mtoto mwenye 2/5 anafuta haraka. Akifuta, mawazo yake yanabaki yalivyo, ila wewe huyaoni tena. Majibu yale yakae ubaoni mpaka wanafunzi wenyewe wayaondoe.

Dakika 20: kukunja, si kukata

Gawa kanda. Ukanda wa kwanza unabaki mzima, waandike juu yake “1”. Wa pili waukunje katikati, waukunjue, wachore mstari kwenye kikunjo, na waandike 1/2 kwenye kila kipande. Wa tatu waukunje nusu, halafu nusu tena, wapate robo nne.

Theluthi ndiyo inayosumbua. Mtoto hawezi kukunja kwa tatu kwa kukisia, atapata vipande viwili vikubwa na kimoja kidogo. Weka mwenyewe alama mbili ndogo za penseli kwenye ukingo wa ukanda, kwenye sentimita 8 na 16, na wao wakunje hapo. Fanya hivyo hivyo kwenye ukanda wa moja ya sita, kisha waambie: “Kunjeni kwanza kwa tatu, halafu bila kukunjua, kunjeni nusu.” Watakapoukunjua na kuhesabu vipande sita, tayari wameshaona kwamba ndani ya theluthi moja mna moja ya sita mbili. Usilisemee, liache litulie. Ukanda wa moja ya kumi na mbili uwekee alama zote wewe mwenyewe kila sentimita 2, maana karatasi ikishakunjwa mara nyingi inakuwa nene na mistari inateleza.

Angalia mambo mawili unapopita. La kwanza ni namna wanavyoandika. Wapo watakaoandika 1, 2, 3, 4, 5, 6 kwenye vipande vya ukanda wa sita. Hao baadaye wakioneshwa kipande cha tatu peke yake watakiita 3/6, kwa sababu wanakitaja kwa nafasi yake kwenye foleni. Kila kipande kiandikwe 1/6. La pili, rula zikae mfukoni. Mtoto akijua kwamba nusu ni sentimita 12 na theluthi ni sentimita 8, atajumlisha sentimita na kuikwepa sehemu. Vipimo hivyo ni vyako wewe unayetayarisha.

Na mkasi usionekane. Hili nalisisitiza kuliko yote katika utayarishaji. Ukanda uliokatwa hutoa vipande vinavyopotea, na kibaya zaidi, mtoto akishika kipande kilichokatwa hana tena ukanda mzima wa kukilinganisha nacho. Akitaka kuonesha 1/3, akunje vipande viwili nyuma, kimoja kionekane. Akisahau ni theluthi ya nini, anaukunjua na kuona.

Dakika 15: kulinganisha

Waweke kanda zote chini ya ukanda mzima, mwanzo wa kila moja ukiwa umelingana upande wa kushoto. Kijiwe kimoja huku, kingine kule.

Swali la kwanza: “Kipi kikubwa, 1/4 au 1/6?” Wapo watakaosema 1/6 kwa sababu sita inaizidi nne. Waambie wakunje na kuinua. Hili linasahihishika haraka, na hapo ndipo kuna mtego, kwa sababu mtoto anatoka na kanuni mpya ya haraka: “Asili ikiwa ndogo, sehemu ni kubwa.” Mpe papo hapo 2/3 na 5/6. Kwa kanuni yake atasema 2/3. Kwenye ukanda, 5/6 inavuka mbele yake kwa kipande kizima cha moja ya sita.

Kisha 3/4 na 5/6. Hapa utasikia hoja ya watoto wenye akili nzuri kabisa: “Mwalimu, ni sawa, zote zimebakiza kipande kimoja.” Usiikatae, maana kweli zote zimebakiza kimoja. Uliza, “Kipande kilichobaki huku na kilichobaki kule vinalingana?” Watazame mwisho wa kulia wa kanda. Kilichobaki kwenye robo ni kirefu kuliko kilichobaki kwenye sita, kwa hiyo 5/6 ndiyo iliyo karibu zaidi na moja nzima. Mtoto aliyetoa hoja ile apewe nafasi ya kuimalizia yeye mwenyewe.

Swali la mwisho la hatua hii: “Tafuteni vikunjo vyote vinavyosimama mstari mmoja na mwisho wa nusu.” Watakuta 2/4, 3/6 na 6/12. Waandike 1/2 = 2/4 = 3/6 = 6/12. Wafanye hivyo kwa theluthi pia: 2/6 na 4/12. Mistari hii miwili ibaki ubaoni, itahitajika sasa hivi.

Hapa kundi moja au mawili yatalalamika kwamba mistari yao hailingani. Namna ya kujua kama ni kosa la kukunja au ni tofauti ya kweli ni rahisi. Katika seti hii, sehemu mbili zisizolingana zinapishana kwa angalau sentimita 2. Kama pengo ni dogo kuliko upana wa kucha ya kidole kidogo, ni kikunjo kilichoteleza. Wapimishe kwa ukanda wa kundi la jirani.

Dakika 20: kujumlisha 1/2 na 1/3

Ukanda mzima uwe juu. Chini yake walaze nusu, na mara baada ya nusu inapoishia walaze theluthi, ncha kwa ncha. Sasa wameishika 1/2 + 1/3 mikononi, ipo mbele yao, na bado hawajui inaitwaje.

Waulize: “Urefu huu wote, tutautaja kwa ukanda upi?” Waache wajaribu. Wataleta ukanda wa nusu chini yake: jumla imevuka kikunjo cha kwanza na haijafika mwisho. Wa theluthi: imepita theluthi mbili, haijafika tatu. Wa robo: imepita robo tatu kidogo, haijafika nne. Wakileta ukanda wa sita, jumla inasimama sawasawa kwenye kikunjo cha tano. Mara nyingi darasa linapiga kelele hapo, na waache wapige.

Kuna kundi litaleta ukanda wa kumi na mbili na kusema 10/12. Ni sahihi. Waulize makundi yote mawili kama jumla zao zina urefu mmoja, kisha endelea. Habari ya kurahisisha ije siku nyingine.

Sasa rudi kwenye kona ya majibu. Wameona kwamba jibu ni 5/6. Lakini 2/5 haijafa bado, na mtoto anaweza kubeba yote mawili kichwani: “ya kanda ni 5/6, ya daftari ni 2/5.” Uliza: “Ukanda ukigawanywa kwa tano, vipande viwili vitafika nusu?” Wengi watang’amua kwamba vipande viwili kwa tano havifiki nusu, kwa sababu vinabaki vitatu. “Basi tulianza na nusu, tukaongeza, tukapata pungufu ya nusu?” Nyamaza hapo. Mwanafunzi mmoja aende ubaoni akaifute 2/5, na aseme kwa nini anaifuta.

Kisha ndipo uwaulize swali ambalo somo zima limekuwa likilielekea: “Mbona ukanda wa nusu ulishindwa kutaja jumla, na wa theluthi ukashindwa, ila wa sita ukaweza?” Majibu yatakuja kwa maneno yao, wengine wakichanganya na Kisafwa au Kihehe, na ruhusu. Unachotafuta ni hiki: nusu inagawanyika kuwa moja ya sita tatu, theluthi inagawanyika kuwa moja ya sita mbili, kwa hiyo vipande vyote sasa vina ukubwa mmoja na vinahesabika pamoja. Andika chini ya mistari ile miwili iliyobaki ubaoni:

1/2 + 1/3 = 3/6 + 2/6 = 5/6

Sasa ukitamka KDS, mtoto ana mahali pa kuiweka: ni ukanda wenye vipande vichache zaidi ambao vikunjo vyake vinaafikiana na kanda zote mbili.

Swali la alama za daftari

Jiandae kwa swali hili, kwa sababu likija bila kutegemewa linaweza kuangusha somo. Mtoto atasema: “Mwalimu, mbona zoezi la Jumatatu nilipata 3/5, la Jumanne 4/5, ukanijumlishia ukaandika 7/10? Si umejumlisha juu na chini?”

Ana haki kabisa. Sisi walimu tunawaandikia watoto kwa wino mwekundu, wiki baada ya wiki, mfano wa kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na nadhani huko ndiko 2/5 inakopatia nguvu zake nyingi. Kumjibu “hizo ni alama, si sehemu” hakumsaidii.

Mwoneshe kizima kimefanya nini. Jumatatu kizima kilikuwa maswali matano. Jumanne kilikuwa maswali mengine matano. Tulipoyaweka pamoja, kizima kilikua kikawa maswali kumi, na katika kumi hayo amepata saba. Kwenye kanda, kizima hakikui. Tulianza na ukanda mmoja na tunajibu kwa ukanda ule ule mmoja. Kama 3/5 na 4/5 ni za ukanda mmoja, jumla yake ni 7/5, inauzidi ukanda mzima. Andika yote mawili ubaoni upande kwa upande, na juu ya kila moja andika kizima chake: “maswali 10” hapa, “ukanda 1” pale. Tangu siku hiyo, nashauri alama za daftari ziandikwe “7 kati ya 10”, angalau kwa muda mnaposoma mada hii.

Kosa jingine linalofanana na hili linatokea jumla inapozidi moja. Wape 1/2 + 3/4. Watahitaji kukopa ukanda wa robo wa kundi la jirani. Watapata robo tano zilizolala juu ya kanda mbili, na wengine wataziita 5/8, maana wakihesabu vikunjo vyote vya kanda hizo mbili, vipande ni vinane. Uliza, “Tano ya nane ya nini?” Ya kanda mbili, ndiyo. Lakini swali lilikuwa la ukanda mmoja, kwa hiyo ni 5/4, au 1 na 1/4. Kama muda umebana, iache hii kwa kipindi kinachofuata, usiikimbize.

Dakika 10: kutoka kwenye karatasi hadi daftarini

Kanda zikusanywe. Daftari la hisabati lina miraba, na mraba mmoja sasa ni moja ya kumi na mbili. Wachore mstatili wenye urefu wa miraba 12, huo ndio mzima. Watie rangi nusu, kisha theluthi, wahesabu: miraba 6 na miraba 4, jumla 10 kati ya 12.

Halafu swali la bustani ya shule, lenye kizima kingine kabisa. Tuta lina urefu wa mita 12. Nusu yake imepandwa kabichi, theluthi imepandwa karoti. Ni sehemu gani imepandwa, na ni sehemu gani imebaki? Kabichi ni mita 6, karoti mita 4, zimepandwa mita 10, yaani 10/12 ambayo ni 5/6, na imebaki 1/6, mita 2. Ukipata nafasi ya kuwatoa nje na kamba, fanya hivyo. Mtoto anayeishia kusema “mita 10” bila kutaja sehemu, mkumbushe ameulizwa nini.

Ninavyoona, vizibo vya soda visiletwe siku hii. Mtoto ukimpa vizibo 12 na kumwambia atoe 1/4, mara nyingi atatoa vinne, kwa sababu ameiona nne. Vizibo ni zana nzuri, ila vinafundisha jambo jingine, kutafuta sehemu ya idadi, na vinahitaji kipindi chake.

Dakika 5 za mwisho, na jioni yako

Kila mtoto apewe kipande cha karatasi, aandike jina, afanye 1/4 + 1/3, na achore mstatili wa kuonesha jibu. Bila kanda, bila jirani. Akukabidhi mlangoni akitoka.

Nyumbani, usizisahihishe kwa alama. Zipange mafungu kwa jibu.

Fungu la 2/7 ni la wale ambao bado wanaona namba mbili mbili. Hao kesho wakae kundi moja mbele yako, na waanze na makadirio: 2/7 inafika theluthi? Theluthi ni 2/6, na vipande vya saba ni vidogo kuliko vya sita, kwa hiyo haifiki. Wameongeza wakapungukiwa. Kisha kanda tena.

Fungu la 2/12 linafurahisha kidogo, maana hawa wameshajua kwamba asili inabadilika. Wameandika 1/12 + 1/12. Wamebadilisha chini wakasahau juu. Hawa hawahitaji somo zima upya. Mpe kila mmoja ukanda wa robo na ukanda wa kumi na mbili, umwulize kama 1/12 inaijaza robo. Ataona inahitaji tatu. Theluthi inahitaji nne. Kazi ya dakika chache.

Fungu la 7/12 liangalie kwa makini kuliko unavyodhani linahitaji. Tenganisha wenye mchoro sahihi na wasio na mchoro, au waliochora mstatili wa robo na mstatili wa theluthi wenye urefu tofauti. Hawa wa pili wamepata jibu kwa kanuni waliyofundishwa na kaka au na mwalimu wa tuisheni, na kwenye orodha yako wataonekana wamefaulu. Kesho wape kazi moja: wamwoneshe mwenzao wa fungu la 2/12, kwa kanda, kwa nini 7 imetokea juu. Wakikwama, warudishe kwenye hatua ya kujumlisha, pamoja na mwenzao huyo, kabla hujafungua 3/4 − 1/3.